Siku 28 za Kwanza: Kudurusu Kiinitete kwa Mstari wa Siku na Michoro ya Kumbukumbu

Nimefundisha baiolojia kwa miaka kadhaa, na katika mada ya ukuaji wa kiinitete nimeona jambo moja likijirudia. Mwanafunzi anaweza kutaja hatua zote kwa mpangilio: zigoti, mgawanyiko wa seli, kujishikiza kwenye mji wa mimba, kiinitete, kijusi. Lakini ukimuuliza hatua fulani hutokea siku ya ngapi, na kama hiyo siku mama alikuwa ameshajua kuwa ni mjamzito, anakaa kimya. Maswali ya kueleza kasoro za kuzaliwa nazo yanadai jibu la namna hiyo hasa. Kasoro nyingi zina siku zake. Usipoijua siku, huwezi kueleza sababu wala kinga.

Katika makala haya nitachukua mfano mmoja tu, bomba la neva, kwa sababu ukiumudu huo utaweza kuyafanyia vivyo hivyo moyo, mikono na kaakaa. Bomba la neva ni mfereji mdogo mgongoni mwa kiinitete unaojikunja na kufunga. Sehemu yake ya juu huwa ubongo, na sehemu ya chini huwa ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo.

Anza na karatasi tupu na rula. Chora mstari wa sentimita 28, kila sentimita iwe siku moja. Mwanzo wa mstari, siku ya 0, ni siku yai liliporutubishwa. Kisha weka alama tano tu. Siku ya 6 au ya 7, kiinitete huanza kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Siku ya 18 hivi, bamba la neva huwa limeonekana. Siku ya 22, kingo za bamba huanza kuungana. Siku ya 25 hivi, mdomo wa juu wa bomba hufunga. Siku ya 28 hivi, mdomo wa chini hufunga. Nasema "hivi" kwa sababu viinitete havilingani kwa saa. Tofauti ya siku moja au mbili ni ya kawaida.

Chini ya mstari huo chora michoro minne, kitabu kikiwa kimefungwa.

Mchoro wa kwanza ni wa siku ya 18. Fikiria umekikata kiinitete kwa upana, kama unavyokata ndizi, ukatazama pale ulipokata. Juu kuna tabaka la ektodami, na katikati yake kuna sehemu iliyonenepa, tambarare. Hilo ndilo bamba la neva. Chini yake chora duara dogo, notokodi.

Mchoro wa pili ni wa siku ya 20 hivi. Katikati ya bamba pamebonyea, na kingo zake mbili zimeinuka kama matuta. Sasa una mfereji.

Mchoro wa tatu ni wa siku ya 22, ukikata sehemu itakayokuwa shingo. Matuta mawili yamekutana juu na kuungana. Mfereji umekuwa bomba, umejitenga na ektodami, na ektodami iliyobaki imeungana juu yake ili iwe ngozi.

Mchoro wa nne hautoki kwenye mkato. Tazama kiinitete chote kwa juu, upande wa mgongo. Bomba limefunga katikati, lakini ncha zote mbili bado ziko wazi. Andika 25 kwenye ncha ya kichwa na 28 kwenye ncha ya mkia.

Ukimaliza, fungua kitabu na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Nikipitia michoro ya wanafunzi wangu, nakuta makosa mawili kuliko mengine yote. La kwanza, wengi huchora bomba likifunga kuanzia kichwani hadi mkiani kama zipu ya koti. Sivyo. Kuungana huanza eneo la shingo, kisha huelekea pande zote mbili, kama begi la safari lenye zipu mbili zinazoanzia katikati. Kosa la pili ni kusahau ngozi juu ya bomba katika mchoro wa tatu. Wasipoichora, hawawezi kueleza kwa nini bomba lisipofunga, mgongo wa mtoto unabaki bila ngozi mahali pale. Ngozi haiwezi kuungana juu ya mfereji ulio wazi, na mifupa ya pingili haiwezi kukamilisha upinde wake nyuma yake.

Chora tena kesho yake bila kuangalia, kisha baada ya wiki. Usikariri mchoro uliosahihishwa. Chora mpya kutoka karatasi tupu, kisha linganisha nyekundu ya leo na ya mara iliyopita. Palipo na nyekundu mara mbili ndipo pa kurudia.

Sasa kasoro zenyewe. Rudi kwenye mchoro wa nne na ujiulize: ncha ya juu isipofunga, itakuwaje? Sehemu kubwa ya ubongo na paa la fuvu havitaumbika. Mtoto wa namna hii huzaliwa mfu au huishi saa au siku chache tu. Na ncha ya chini isipofunga? Mtoto huzaliwa na mgongo wazi, mara nyingi kiunoni, pengine akiwa na kifuko chenye majimaji na neva ndani yake. Miguu yake inaweza kuwa dhaifu au kupooza, na anaweza kushindwa kuzuia mkojo na haja kubwa. Kadiri tundu lilivyo juu zaidi mgongoni, ndivyo misuli mingi zaidi inavyoathirika. Upasuaji wa kuziba mgongo hufanywa mapema, katika siku za kwanza za maisha, hasa kuzuia maambukizi. Haurudishi neva zilizokwisha kuharibika.

Watoto wengi wenye mgongo wazi hupata pia kichwa kikubwa, kwa sababu maji ya ubongo hayapiti vizuri. Lakini angalia usikosee hapa: kichwa kikubwa peke yake hakina siku moja kwenye mstari wako. Kinaweza kusababishwa pia na maambukizi ya ubongo baada ya mtoto kuzaliwa. Swali likitaja kichwa kikubwa tu, usikimbilie kuandika siku ya 28.

Tuje kwenye sehemu inayowapotezea wengi alama. Mstari wetu unahesabu tangu kurutubishwa kwa yai, lakini kliniki ya wajawazito huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, tofauti ni siku 14 hivi. Kwa hiyo chora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, uanze siku 14 kabla.

Tufanye mfano. Mama ana mzunguko wa siku 28, na hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi. Yai lilirutubishwa tarehe 15 Machi hivi. Hedhi inayofuata ilitazamiwa tarehe 29 Machi, nayo haikuja. Bamba la neva lilionekana tarehe 2 Aprili, mdomo wa juu ukafunga tarehe 9 Aprili, na wa chini tarehe 12 Aprili. Mama alikwenda kliniki kwa mara ya kwanza tarehe 10 Mei, akaandikiwa kuwa mimba ina wiki 10, akapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Je, vidonge hivyo vingeweza kuzuia mgongo wazi?

Hapana. Tangu hedhi ilipokosekana hadi bomba kufunga zilikuwa siku 14 tu, na alipofika kliniki bomba lilikuwa na siku 28 tangu lifunge au lishindwe kufunga. Vidonge hivyo bado vina kazi, kwani husaidia kuzuia upungufu wa damu, na mama aendelee kuvimeza. Lakini ili asidi ya foliki ilinde bomba la neva, inatakiwa iwe mwilini kabla ya mimba. Ndiyo maana ushauri ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Mwanamke aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro hii huandikiwa na daktari kiasi kikubwa zaidi, miligramu 4. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa kiasi hicho kilipunguza kurudia kwa kasoro kwa asilimia 72 hivi.

Ndiyo maana pia serikali huagiza viwanda vikubwa vya unga viongeze asidi ya foliki: unga humfikia mwanamke kabla hajajua kuwa ana mimba. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezwi. Na kumbuka mpaka wa jambo hili: asidi ya foliki haizuii kasoro zote za bomba la neva. Zipo zinazohusiana na jeni, na kisukari cha mama kisichodhibitiwa, au na baadhi ya dawa za kifafa. Mwenye kutumia dawa hizo aongee na daktari kabla ya kushika mimba, asiziache mwenyewe.

Mwaka mmoja, baada ya kipindi hiki, mwanafunzi wangu alibaki darasani na daftari lake. Aliniambia, "Mwalimu, dada yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Ukweni wanasema ni kwa sababu alibeba ndoo za maji mimba ikiwa na miezi saba." Nilimwomba aweke alama ya miezi saba kwenye mstari wake. Akatazama, akaona haiwezi hata kutosha kwenye karatasi. Mstari wake uliishia siku ya 28, kiinitete kikiwa na urefu wa milimita 4 hivi. "Kwa hiyo ndoo hazikufanya kitu?" akauliza. Nikamjibu kwamba mgongo ule ulikuwa tayari wazi miezi mingi kabla ya ndoo hizo. Aliomba karatasi safi, akachora mistari miwili na michoro minne bila kufungua kitabu, akaikunja akaondoka nayo. Alisema anampelekea dada yake.

Swali la mazoezi. Funga kitabu hiki. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 alianza hedhi yake ya mwisho tarehe 10 Juni. Tarehe 20 Agosti alianguka kutoka kwenye bodaboda. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi, na jamaa wakasema ajali ndiyo iliyosababisha. Kwa kutumia mistari miwili na mchoro wa nne, eleza kama wako sahihi. Ukiwa umechora vizuri, mdomo wa chini wa bomba utafunga kwenye mstari wako tarehe 22 Julai.