Anayetafuta Hakuwapo: Kuipa Rekodi ya Mhadhara Kichwa na Maelezo

Wengi wetu huku pwani tuna jamaa walioweka makao Kitui, Wote, Kibwezi na Mtito Andei, na tumezoea kuhudhuria mihadhara yao kwa simu. Mmoja katika mihadhara hiyo ulihusu sumukuvu ya mahindi. Kwa watu wa huko, jambo hilo si la kusomwa vitabuni tu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wagonjwa walio wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Mhadhara ulitangazwa mubashara kupitia YouTube, na ulipokwisha, sisi tulikabidhiwa rekodi yake tuitunze.

Usiku wa matangazo kichwa chake kilisomeka hivi: “MUBASHARA SASA: Mhadhara wa leo baada ya Isha, usikose!” Kwa usiku ule kilitosha kabisa. Waliokuwa wakialikwa walikwisha kupata habari ya mada kwa ujumbe wa simu, na kilichobaki kwao kilikuwa kujua saa. Kulipopambazuka, maneno hayo yote yaliisha kazi. “Sasa” haikuwa kweli tena, “leo” haikuwa na siku, na katika kichwa kizima hapakuwa na neno mahindi. Mama aliyeko Mutomo, aliyefungua gunia akasikia harufu ya ukungu, hawezi kuandika “mhadhara wa leo” anapotafuta msaada. Ataandika jina la tatizo lililo mbele yake. Kichwa cha mubashara husema na mtu anayeujua mhadhara. Kichwa cha rekodi husema na mtu asiyejua kwamba mhadhara huo uliwahi kuwapo.

YouTube huruhusu kichwa na maelezo kubadilishwa baada ya matangazo, na anwani ya video hubaki ile ile, hivyo kiungo kilichotumwa jana hakiharibiki. Kichwa hakiruhusiwi kuzidi herufi 100, nafasi zikihesabiwa, na kioo cha simu huonyesha sehemu ya mwanzo tu. Kwa hiyo tulitanguliza tatizo, tukafuatisha analofundishwa mtazamaji, na mahali tukapaweka mwisho:

```
Mahindi na sumukuvu: kukausha, kupima kwa chumvi na kuhifadhi | Kitui
```

Jina la mzungumzaji na tarehe kamili tuliviweka katika maelezo. Lau watu wangekuwa wanalitafuta jina lake, lingestahili kuwa mbele. Lakini mwenye gunia lenye ukungu hamtafuti mtu, anatafuta dawa ya gunia.

Maelezo nayo huonyesha mistari michache tu mpaka msomaji abonyeze aone zaidi. Mara nyingi mistari hiyo hujazwa salamu na shukrani kwa wafadhili. Sisi tuliiweka hapo nasaha yenyewe, kwa kuwa mwenye kifurushi kidogo cha data huenda asiweze kutazama saa nzima, lakini maneno machache atayasoma:

“Mahindi (mbemba) yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huingiwa na sumukuvu, yaani aflatoksini. Yaanike juu ya turubai hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini yake. Kupika hakuiondoi sumu hii.”

Tazameni jinsi majina yalivyopangwa humo. Mmoja husema sumukuvu, mwingine aflatoksini, na Mkamba huyaita mahindi mbemba. Yote yameingia ndani ya sentensi zenye maana. Kurundika maneno ya kutafutia chini ya maelezo, kama shanga zisizo na uzi, hakumsaidii msomaji, tena ni kinyume cha kanuni za YouTube.

Kisha tuliandika alama za saa, ili mtu abonyeze na kufika moja kwa moja kwenye sehemu anayoihitaji. Ili YouTube izitambue kuwa sura za video, alama ya kwanza lazima iwe 00:00, zisipungue tatu, zifuatane kwa mpangilio, na kila sura isiwe chini ya sekunde 10:

```
00:00 Mahindi mazuri kwa macho yanawezaje kuwa na sumu
11:20 Kuanika juu ya turubai
26:00 Kupima ukavu kwa chumvi na chupa
38:45 Magunia na ghala
52:10 Maswali ya wakulima
```

Hapa utaratibu una uzito wake. Rekodi yetu ilianza kwa dakika 14 za kungoja watu na kujaribu kipaza sauti. Tuliutangulia mkato, ndipo tukaandika alama. Kipimo cha chumvi, kilichokuwa kwenye dakika ya 40 usiku wa matangazo, kikahamia dakika ya 26. Anayeandika alama kwanza na kukata baadaye huziacha zote zikielekeza mahali pasipo pake. Ni rahisi kulitambua kosa hilo: ukibonyeza “Kupima kwa chumvi” ukasikia habari za magunia na ghala, alama zimehama.

Lililotushughulisha zaidi lilikuwa neno moja la mzungumzaji. Alieleza kwamba mahindi huchanganywa na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, hutikiswa, kisha huachwa yatulie, chumvi isiponata kwenye kuta za chupa, “mahindi yamekauka.” Maneno hayo ni sahihi kwa kadiri yake. Kutonata kwa chumvi huonyesha kuwa unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, lakini kuhifadhi kwa muda mrefu kunataka asilimia 13.5. Isitoshe, chumvi hupima unyevu, haipimi sumu iliyokwisha kuingia. Aliyekuwapo ukumbini aliweza kuuliza. Anayetazama peke yake mwaka ujao hana wa kumuuliza. YouTube haikubali video nyingine iwekwe mahali pa ile ya kwanza kwa anwani ile ile, basi ufafanuzi huo tuliuandika katika maelezo, mara tu baada ya nasaha, pamoja na dakika unapohusika. Tuliongeza pia kwamba bei za turubai na magunia zilizotajwa ni za siku ya mhadhara.

Jamaa zetu wa Makueni waliutangaza mhadhara huo huo kupitia Facebook, na huko hali ni nyingine. Tangu tarehe 19 Februari 2025, matangazo mapya ya mubashara ya Facebook hukaa siku 30 tu, kisha hufutwa. Kichwa kizuri hakina faida juu ya rekodi iliyofutwa. Kwa hiyo rekodi ishushwe kabla ya siku hizo kuisha, ipandishwe upya kama video ya kawaida, na maelezo yake yahifadhiwe pembeni, ili yapandishwe pamoja nayo.

Ikiwa mwataka kujua kama kichwa kinafanya kazi, ingieni YouTube Studio, mtazame kati ya njia za watazamaji ile iitwayo “YouTube search”. Ndani yake huonekana maneno ambayo watu waliyaandika wakaifikia video. Yakiwa ni jina la msikiti au la mzungumzaji pekee, basi waliofika ni wale wale waliokuwa na habari. Yakianza kuonekana “mahindi”, “ukungu” au “chumvi”, mjue kwamba mwenye gunia amekwisha kufika.