Kutoka Chenga Hadi Picha: Jinsi Kompyuta Inavyochora Kisichokuwapo

Katika makala haya tunakusudia kueleza, hatua kwa hatua, jinsi kompyuta inavyotoa picha kutokana na namba zilizotupwa kwa bahati nasibu. Picha za namna hii zimekwisha kuingia madarasani. Wanachuo wetu wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Karagwe na Kyerwa wanazo katika simu zao, na wengine huzichapa na kuzibandika ukutani kama zana za kufundishia. Mwalimu anayetumia zana hana budi kujua imetengenezwaje, kwa maana asipojua hawezi kuwaambia watoto inathibitisha nini na haithibitishi nini.

1. Chenga

Msomaji aliyewahi kufungua televisheni mahali pasipo na mawimbi amekwisha kuziona chenga: kioo chote hujaa vitone vyeupe na vyeusi vinavyorukaruka bila mpango. Kwa kompyuta, picha yoyote ni jedwali la vitone, na kila kitone ni namba inayoonyesha weupe au weusi wake. Tukiongeza katika kila namba kiasi kidogo kilichopatikana kwa bahati nasibu, picha huanza kuingia chenga. Tukirudia mara nyingi, picha hufifia kama tone la wino linavyotawanyika katika bilauri ya maji, hadi pasibaki dalili yake. Njia tunayoieleza imepata jina lake kutokana na mtawanyiko huo. Jascha Sohl-Dickstein na wenzake waliichapisha mwaka 2015, wakiwa wamechukua wazo lake katika fizikia ya vitu vinavyotawanyika. Mwaka 2020 Jonathan Ho, Ajay Jain na Pieter Abbeel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba inaweza kutoa picha safi sana.

Kuharibu picha ni kazi rahisi. Swali ni jinsi ya kurudi nyuma.

2. Somo la sarafu

Tulilifundisha jambo hili kwa wanachuo 32 katika chumba kimoja cha shule ya msingi upande wa Nkwenda, bila kompyuta wala umeme. Tulichora ubaoni jedwali la miraba 64, minane kwa minane, na ndani yake kichwa cha ng'ombe wa pembe ndefu, wale wanaofugwa sana katika sehemu zetu. Mraba mweusi tuliupa namba 4, na mweupe namba 0. Kabla ya kuchora, wanachuo wanne waliombwa watoke nje, na miraba yao ikashikwa na majirani zao.

Kisha kila mraba ulirushiwa sarafu mara mbili. Kichwa cha mtu kikija mara zote mbili, namba iliongezwa 1. Mnyama akija mara zote mbili, ilipunguzwa 1. Zikija tofauti, iliachwa ilivyo. Kila aliyerusha aliandika katika daftari lake kilichotokea. Tulifanya mizunguko 12, tukafuta ubao na kuandika namba mpya.

Hapo tuliona mambo matatu. Kwanza, wale waliokuwa wameiona picha ya mwanzo bado waliweza kuzifuata pembe. Pili, wanne walioitwa kutoka nje hawakuafikiana: mmoja aliona kikapu, mwingine mgomba. Tulipowaambia kwamba ni kichwa cha ng'ombe, mara moja walianza kuzionyesha pembe. Lakini mmoja wao alionyesha kwa uhakika pembe mahali ambapo hapakuwa na kitu ila bahati ya sarafu. Tatu, kila mmoja alipotoa katika mraba wake kile kilichoandikwa daftarini, ng'ombe alirudi kamili.

Tunamwomba msomaji ayakumbuke yote matatu, maana ndiyo msingi wa maelezo yanayofuata.

3. Mashine inafunzwa nini

Wengi hudhani kwamba mashine hufunzwa kuchora. Sivyo. Hufunzwa kukisia chenga. Huchukuliwa picha halisi, hutiwa kiasi fulani cha chenga zinazojulikana, kama tulivyoziandika madaftarini, kisha mashine huonyeshwa picha iliyoharibika na kuulizwa: katika kila kitone, ni kiasi gani kilichoongezwa? Jibu lake hulinganishwa na daftari. Namba zilizo ndani ya mashine husogezwa kidogo ili safari nyingine ikosee kidogo zaidi ya hapo. Kazi hiyo hurudiwa kwa mamilioni ya picha, nyingine zikiwa na chenga chache, nyingine zikiwa karibu zimezama.

Mashine haiwezi kukisia chenga vizuri bila kujua, kwa namna yake, picha za kawaida hufananaje. Mwenye kujua kwamba pembe ni mstari usiokatika ataona kwamba kitone cheupe katikati ya pembe huenda ni chenga. Ndiyo sababu wanachuo walioiona picha waliwashinda wale wa nje.

4. Kurudi nyuma, na kwa nini kwa hatua ndogo

Sasa mashine iliyokwisha kufunzwa hupewa jedwali lililojaa chenga tupu. Hapakuwa na picha chini yake. Hata hivyo huulizwa swali lile lile, nayo hujibu. Sehemu ndogo ya chenga ilizozikisia huondolewa, jedwali jipya hurudishwa kwake, nayo huulizwa tena. Katika kazi ya mwaka 2020 hatua zilikuwa 1000, na karibu kila hatua ilirudisha chenga mpya chache, kwa kuwa kutoka mahali pale picha ingeweza kuelekea njia nyingi. Njia zilizofuata zimepunguza hatua hadi 50 au chini ya hapo, na baadhi yake hazirudishi chenga mpya.

Kwa nini chenga zote zisiondolewe kwa mkupuo mmoja? Tuchukue kitone kimoja. Tuseme -1 ni nyeusi kabisa na 1 ni nyeupe kabisa, na kitone chetu kilikuwa 0.5. Kimechanganywa hivi: sehemu 0.6 ya picha na sehemu 0.8 ya chenga. (Miraba ya sehemu hizo, 0.36 na 0.64, hujumlika kuwa 1. Huchaguliwa hivyo ili namba zisizidi kukua.) Chenga iliyotupwa ilikuwa -1. Basi kitone kilichoharibika ni:

0.6 × 0.5 + 0.8 × (-1) = -0.5

Mashine ikikisia chenga sawasawa, yaani -1, tunarudi kwenye 0.5. Lakini tuseme imekisia -0.7. Tunapata:

(-0.5 + 0.8 × 0.7) ÷ 0.6 = 0.1

Kosa la 0.3 katika kukisia limekuwa kosa la 0.4 katika picha. Hilo linavumilika. Sasa tuende mahali ambapo picha imebaki sehemu 0.1 tu na chenga ni karibu 1. Kosa lile lile la 0.3, likigawanywa kwa 0.1, linakuwa karibu 3. Na umbali wote kutoka nyeusi hadi nyeupe ni 2! Mwanzoni mwa safari, basi, kisio la picha nzima halitegemeki. Lililo bora ambalo mashine inaweza kulitoa pale ni wastani wa picha zote zinazowezekana, yaani ukungu. Kwa hiyo huchukuliwa hatua ndogo tu kuelekea ukungu huo. Hatua za awali huamua mambo makubwa: wapi patakuwa na giza, wapi mwanga. Umbo likishapatikana, makisio yanayofuata huwa na msingi, na hatua za mwisho hushughulikia manyoya, majani na mikunjo ya nguo.

5. Maneno huingiaje

Wale wanne waliona pembe mara tu walipotajiwa ng'ombe. Mashine nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Wakati wa kufunzwa, kila picha huambatana na maelezo yake, nayo maneno hayo hugeuzwa kuwa namba na kutolewa pamoja na jedwali la chenga. Mtu akiandika ombi lake, makisio huvutwa upande wa maneno hayo katika kila hatua.

Kutokana na hayo tunaweza kutabiri udhaifu. Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma mwaka 2022, ilifunzwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza. Neno lililokuwa na picha nyingi huvuta kwa nguvu. Lililokuwa na chache halivuti, na nafasi yake hujazwa na yaliyo ya kawaida. Mwalimu akiomba shamba la kahawa na migomba la Kyerwa, asistaajabu akipewa mistari iliyonyooka ya shamba kubwa la nchi nyingine.

6. Mipaka ambayo mwalimu aiangalie

Mashine hujua vipande vya picha hufananaje vikiwa jirani. Kuhesabu ni jambo jingine. Kwa hiyo makosa hutokea penye hesabu na mapatano: vidole sita, pembe isiyoshikana na kichwa, maandishi ya kibao yasiyosomeka, kivuli kinachoelekea upande usio wake. Mwanachuo achunguze hapo kwanza. Lakini mashine za karibuni hukosea mambo hayo mara chache zaidi, na picha isiyo na kosa haiwi ya kweli kwa sababu hiyo.

Mpaka mkubwa ni mwingine. Mwanachuo mmoja aliandaa somo la historia ya Karagwe akiwa na picha nzuri ya Omukama Rumanyika akiwa barazani Bweranyange, amezungukwa na ng'ombe wadogo wa chuma waliokuwa alama za utawala wake. Tulimwuliza: nani alikuwapo? Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kina michoro. Mchoro huo waweza kuwa na makosa na hata dharau, lakini unatokana na shahidi, na shahidi huhojiwa: alisimama wapi, aliona nini, alimchorea nani? Picha ya mashine haina shahidi. Ilianza na chenga, na kwa jinsi ilivyotengenezwa ilikuwa lazima imalize na picha. Haina hatua yoyote ya kusema "sijui". Pale ambapo haikuwa na habari za Bweranyange, ilionyesha pembe kama yule mwanachuo wetu, kwa uhakika ule ule.

Hatukumkataza kuitumia. Alikubali kuandika chini yake kwa herufi kubwa: "Picha hii imekisiwa na kompyuta, hakuna aliyeiona." Kisha aliweka kando yake mchoro wa zamani, akawataka watoto wa darasa la sita waseme ni lipi katika kila picha wanaloweza kulithibitisha, na kwa ushahidi gani. Somo lilichukua vipindi viwili. Tunapendekeza wanachuo waanze na sarafu na jedwali la miraba 64, ndipo waje kwenye picha yenyewe; mtoto aliyekwisha kuiona pembe ikizaliwa na sarafu ataielewa tahadhari hiyo bila kuhimizwa.