Inaniwia Vigumu

Kwa miaka zaidi ya 30 nilifundisha Kiswahili na fasihi katika shule za sekondari, na sikutarajia kwamba baada ya kustaafu ningerudi kwenye ubao kwa sababu ya Kijerumani. Kijerumani changu nilikipata ujanani kwa mmisionari mzee aliyenifundisha jioni, nami nikakitunza kwa kusoma vitabu vyake alivyoniachia. Hapa kwetu Marambo sikuwa na wa kuzungumza naye, mpaka mjukuu wa jirani yangu alipokuja barazani na daftari lake.

Binti huyo alikuwa amefaulu mtihani wa daraja la B1 jijini Dar es Salaam, na alikuwa akitafuta nafasi ya mafunzo ya uuguzi nchini Ujerumani. Huko wanayaita Ausbildung: miaka 3 ya kusoma darasani na kufanya kazi wodini, huku mwanafunzi akilipwa. Mwajiri humsaili mwombaji kwanza, mara nyingi kwa simu ya video. Usaili wake wa kwanza ulikuwa umekwisha kwa dakika chache, na barua ya kukataliwa ikafuata.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Walikuuliza nini?”

“Waliniuliza swali, nikajibu ‘Ja, sehr gut’. Wakatazamana.”

Tulipolitafuta swali lenyewe kwa kumbukumbu yake, tuligundua kuwa lilikuwa hili: Wo sehen Sie bei sich noch Schwächen? Yaani, ni wapi bado unajiona una udhaifu? Naye akajibu: ndiyo, vizuri sana.

Sikucheka. Nilimwuliza kwa nini hakuomba swali lirudiwe. Akainama, akasema, “Niliona aibu kumwambia mtu mzima kwamba sijamwelewa.” Jibu hilo lilinikaa moyoni, nami nitalirudia.

Tulianza na upande wa nguvu, Was sind Ihre Stärken?, nikidhani ndio mwepesi. Haukuwa mwepesi. Binti alikataa kabisa kujisifu. Alinitupia methali niliyomfundisha mama yake darasani: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamweleza kwamba msaili wa Kijerumani haombi majigambo, anaomba ushahidi. Hapo akaniletea orodha aliyoikariri: Ich bin fleißig, pünktlich, freundlich und teamfähig. Sarufi yake haina kasoro, lakini kila mwombaji anaisema, na sifa nne zisizo na kisa hazina uzito kuliko salamu. (Wapenzi wa maneno watafurahi kujua kwamba Stärke ni nguvu, na pia ni wanga, ule wa muhogo. Nilimwambia asipotoa mfano, wanga ndio utakaobaki.)

“Hebu niambie,” nikasema, “nani alimwuguza bibi yako?”

Alikuwa yeye. Bibi alipopata kiharusi, binti alikaa naye miezi 8. Alimwogesha, alimlisha, na kila baada ya saa 2 alimgeuza ubavu ili asipate vidonda vya kulala muda mrefu. Hilo la kugeuza alielekezwa na muuguzi wa zahanati, akalishika usiku na mchana. Sasa tulikuwa na kitu cha kusema. Tuliijenga sentensi hivi:

Als meine Großmutter einen Schlaganfall hatte, habe ich sie acht Monate lang gepflegt.

Tazameni ujenzi wake. Als ni “wakati ule” wa tukio lililopita lililotokea mara moja. Angesema wenn, msikilizaji angefikiri bibi alipata kiharusi kila mara. Kitenzi hatte kimesukumwa hadi mwisho wa kishazi chake, kisha kishazi kikuu kinaanza na kitenzi habe, na viwili hivyo vinasimama ubavu kwa ubavu, vikitenganishwa na mkato tu. Nilimfundisha kuusikiliza mgongano huo: hatte, habe. Ukiusikia, sentensi yako imesimama sawasawa.

Sentensi ya pili ilitupa somo ambalo hata mimi sikulijua kikamilifu. Binti aliandika kwamba alimlisha bibi, akatumia kitenzi füttern. Sarufi ni sahihi, lakini kitenzi hicho kimetokana na Futter, chakula cha mifugo. Watu humtumia mtoto mchanga bila kosa, ila katika nyumba za wazee wauguzi hulikwepa, kwa kuwa linamshusha hadhi mtu mzima. Wao husema das Essen anreichen, kumkabidhi mtu chakula karibu na mdomo. Kiswahili chetu kinasema kulisha kwa ng’ombe, kwa mtoto na kwa bibi, wala hatuoni tusi. Tukaandika: Ich habe sie gewaschen, ihr das Essen angereicht und sie alle zwei Stunden umgelagert. Neno umlagern, kumgeuza mgonjwa alalavyo, ni la kazi yenyewe, na aliyelitamka ameshajionyesha kuwa anaijua kazi.

Baada ya kisa, sifa ilikuja kwa unyenyekevu: Zu meinen Stärken gehört, dass ich ruhig bleibe, wenn andere nervös werden. Miongoni mwa nguvu zangu ni kwamba hutulia wengine wanapotaharuki. Binti aliipenda sentensi hii kwa kuwa nafsi yake haiko mbele. Inaanza na nguvu, mwenyewe anakuja baadaye. Alisema, “Hii naweza kuisema hata mbele ya bibi.”

Tukafika kwenye udhaifu. Hapa kuna majibu mawili mabaya yanayojulikana. La kwanza ni kusema huna udhaifu; msaili atakuona mwongo au mtu asiyejitazama. La pili ni kusema wewe unapenda mno ukamilifu, jibu ambalo wasaili wamelisikia hadi limewachosha. Kuna la tatu, la ukweli uliopita kiasi: kusema unachelewa, au unaona kinyaa damu, mbele ya mtu anayetafuta muuguzi. Udhaifu unaotajwa lazima uwe wa kweli, usiibomoe kazi yenyewe, na ufuatwe na kile unachokifanya kuurekebisha.

Nilimwuliza udhaifu wake, akanyamaza muda mrefu. Kisha nikamkumbusha: “Uliniambia uliona aibu kusema hujaelewa.” Akanitazama kana kwamba nimemfumania. Udhaifu wake tulikuwa nao tangu siku ya kwanza.

Ndipo Kijerumani kilipotupa sentensi ambayo nimekuwa nikiitafakari tangu hapo: Es fällt mir manchmal schwer, um Hilfe zu bitten. Vitabu vya Kiingereza huieleza kwa kuzungukazunguka. Kwa Kiswahili haihitaji maelezo, kwa sababu tunayo yenyewe: wakati mwingine inaniwia vigumu kuomba msaada. Es ni ile i- yetu isiyo na mwenyewe. Mir ni -ni-, yule anayefikiwa na jambo, si mtendaji. Zu ya zu bitten ni ku- ya kuomba. Lugha mbili zisizo na undugu zimekubaliana kwamba ugumu ni kitu kinachomjia mtu kutoka nje. Wajerumani wanasema unamwangukia. Sisi tunasema unamwia. Wanafunzi wangu wa zamani walikiona kitenzi hicho kuwa cha kizee. Siku hiyo ndicho kilichomfungulia binti mlango, kwani hakuikariri sentensi, aliitambua.

Sehemu ya marekebisho ilihitaji jasho zaidi: Deshalb frage ich jetzt sofort nach, wenn ich etwas nicht verstanden habe. Kwa hiyo sasa nauliza papo hapo, kama kuna jambo sikulielewa. Kosa lake la kila siku lilikuwa Deshalb ich frage, kwa kuwa kwetu “kwa hiyo” haisogezi chochote. Nafsi imeshonwa ndani ya kitenzi. Kwa Wajerumani kitenzi cha kishazi kikuu hakikubali kuondoka nafasi ya pili. Deshalb ikikalia ya kwanza, ich inapisha. Nilimpangia vijiti vitatu juu ya meza, na kile cha katikati nikakipigilia msumari.

Kisha tukalivisha swali nguo tofauti, maana lilimshinda mara ya kwanza kwa kuwa halikuja na vazi la kitabuni. Woran müssen Sie noch arbeiten? Was würde Ihre Lehrerin an Ihnen kritisieren? Haya yote ni swali lilelile la udhaifu. Na kwa siku ambayo vazi lingekuwa geni kabisa, tulikariri sentensi moja tu: Entschuldigung, könnten Sie die Frage bitte wiederholen? Niliitia chumvi kwa kumwambia kwamba akiitumia vizuri, itakuwa uthibitisho wa jibu lake la udhaifu.

Wito wa usaili wa pili ulitoka kwa mwajiri mwingine, Septemba, halb zehn. Binti alisoma saa kumi na nusu. Halb zehn ni nusu ya kuielekea kumi, yaani 9:30. Majira yao ya joto yako nyuma yetu kwa saa 1, hivyo kwetu ni 4:30 asubuhi. Tulikwenda Nachingwea mjini mapema, kwa sababu mtandao wa hapa kwetu hauaminiki.

Nilikaa nje ya chumba. Nilimsikia akieleza habari za bibi, hatte na habe zikigongana mahali pake. Likaja swali refu ambalo hata mimi sikulidaka. Kimya. Kisha sauti yake, bila kutetemeka: Entschuldigung, könnten Sie die Frage bitte wiederholen? Mama yule wa upande wa pili akalirudia polepole.

Nafasi aliipata. Kilichobaki ni daraja la B2 na mlolongo wa viza, na bado anakuja barazani. Juzi tukiwa tunachambua korosho aliamua kunisaili mimi. Und Sie, Herr Lehrer? Was ist Ihre Schwäche?

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikumbuka madarasa mangapi nilimwambia mtoto aliyenyosha mkono na kusema “sijaelewa” kwamba hakuwa anasikiliza. Yumkini mama yake alikuwa mmoja wao, na aibu ile ya kuuliza ilirithishwa kutoka dawati langu. Nikatafuta sentensi, nikaipata nusunusu: Es fällt mir schwer, zu zuhören. Inaniwia vigumu kusikiliza.

Binti akaweka korosho chini. “Ni zuzuhören, Mwalimu. Neno moja. Ile zu inaingia katikati.”

Nikairudia.