Nilimuuguza bibi kwa barua

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipomwandikia mhadhiri wangu kwamba bibi yangu wa Maneromango ni mgonjwa sana. Bibi hakuwa mgonjwa. Wiki ile ile alikuwa ameniimbia nyimbo za mdundiko mpaka jua likazama, na sauti yake nilikuwa nayo kwenye simu.

Somo lilikuwa Fasihi Simulizi. Tulitakiwa kwenda uwandani, kila mmoja kwao au popote anapokubalika, tukarekodi nyimbo, tuzinukuu, tuzitafsiri kwa Kiswahili na kuzichambua. Mimi ni mtu wa Kisarawe, Mzaramo wa kuzaliwa ambaye Kizaramo anakisikia zaidi ya anavyokisema. Nilichagua mdundiko kwa sababu ni ngoma ya njiani, ya watu wote. Nyimbo za ndani za mwali zina wenyewe, na kijana wa kiume hana ruhusa ya kuzishika. Bibi na wenzake waliniimbia nyimbo 14. Kurekodi kulikuwa kwepesi, nikarudi chuoni nikijua kazi imeisha.

Kumbe ilikuwa haijaanza. Asiyewahi kunukuu wimbo hudhani saa moja ya rekodi ni saa moja ya kuandika. Hata mahojiano ya kawaida, ya mtu mmoja anayezungumza taratibu, saa moja yake hula saa nne na zaidi. Wimbo wa ngoma ni mgumu kuliko hayo. Kiongozi anatoa, waitikiaji wanapokea kabla hajamaliza neno, na mimi simu niliiweka karibu na ngoma, kwa hiyo mahali penye neno nililolihitaji pana mshindo tu. Halafu kila mstari unataka safu tatu: maneno ya Kizaramo, maana ya neno kwa neno, kisha tafsiri ya Kiswahili. Niliiacha rekodi ikalala hadi siku za mwisho. Ilipofika Jumanne nilikuwa na nyimbo 6, na kazi inatakiwa Ijumaa.

Hapo ndipo nilipoandika barua pepe ya kwanza. Ilikuwa ndefu kuliko uchambuzi wangu. Baada ya shikamoo nilimtakia afya yeye na familia yake, nikaomba radhi kwa kumsumbua, nikaomba radhi tena kwa kuwa najua ana majukumu mazito, nikajiita mwanafunzi wake mdogo asiyestahili. Nikaandika kwamba bibi aliyenilea anaumwa sana na mimi ndiye tegemeo lake. Nikamwomba anifikirie kama mzazi anavyomfikiria mwanawe. Nikamaliza kwa dua. Kichwa cha barua kilikuwa neno moja, “Maombi”.

Jibu lilikuja jioni: “Pole sana. Bibi yuko hospitali gani? Na unaomba mpaka lini?”

Swali la pili lilinionyesha kwamba katika maneno yote yale sikuwa nimeomba chochote. Hapakuwa na jina la somo wala kazi ninayoizungumzia, na mhadhiri yule alikuwa na masomo kadhaa. Hapakuwa na siku ninayoitaka. Alama za kazi zile ziliingia katika 40 za muhula zinazotangulia mtihani wa mwisho wenye 60, na zilipaswa kubandikwa kabla ya mtihani ili anayelalamika apate nafasi. Mhadhiri anayeulizwa kuhusu muda anapima jambo hilo: akipokea kazi yangu siku fulani, atawahi kuisahihisha pamoja na za wenzangu? Huruma niliyoililia haikumsaidia kupima.

Swali la kwanza ndilo lililoninyima usingizi. Kila rekodi ya uwandani huambatana na karatasi ya maelezo: nani ameimba, umri wake, mahali, tarehe, nani alikuwepo. Karatasi yangu ilisema mwimbaji kiongozi ni bibi yangu, Maneromango, tarehe ya wiki ile ile niliyomlaza kitandani. Ili uongo usimame ingenibidi nibadilishe tarehe, au nimwandike mtu mwingine kuwa ndiye aliyeimba. Nilifikiria kufanya hivyo. Niliifungua karatasi, kidole kikiwa kwenye tarehe. Yaani ningemfuta bibi yangu katika nyimbo zake mwenyewe, na yeyote ambaye angezisoma baadaye angepata mwimbaji asiyekuwepo. Niliifunga karatasi bila kuigusa. Usiku huo niliandika barua nyingine.

“Yah: Ombi la kuongezewa siku, kazi ya uwandani, Fasihi Simulizi, mwaka wa 2.

Shikamoo Dokta. Naomba kuwasilisha kazi hii Jumatatu saa 4 asubuhi badala ya Ijumaa. Nimenukuu nyimbo 6 kati ya 14, nazo nimeziambatisha. Nilichelewa kuanza kunukuu, na katika baadhi ya nyimbo ngoma imefunika maneno. Jumamosi nitakwenda Maneromango kumsikilizisha bibi rekodi ili anitamkie maneno hayo.

Niliposema bibi anaumwa haikuwa kweli. Ni mzima. Naomba radhi.

Kama siku haziwezi kuongezwa, nitawasilisha nyimbo 6 na uchambuzi wake Ijumaa.”

Chini nikaweka jina na namba ya usajili.

Shikamoo niliibakiza kwa makusudi. Niliposhusha barua hadi mifupa nilijiuliza kama nayo iondoke, nikaona hapana. Kumwamkia mkubwa ni adabu, na adabu hutosha kusemwa mara moja. Yaliyoondoka ni yale ya kujidhalilisha, maana kila sentensi ya aina hiyo ilikuwa inamsukuma mhadhiri aone vibaya kunikatalia. “Nilichelewa kuanza” ndiyo sentensi iliyoniwia ngumu kuliko zote. Niliiandika, nikaifuta, nikaweka “kutokana na changamoto mbalimbali”, nikairudisha. Changamoto mbalimbali hazimwambii msomaji kitu. Kuchelewa kuanza, pamoja na ngoma iliyofunika maneno, vinamwambia hasa kilichobaki na kama siku ninazoomba zinatosha.

Nyimbo 6 zilizoambatishwa zilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote. Mtu akisema amefika katikati, aonyeshe. Na ile njia ya pili, ya kuwasilisha pungufu Ijumaa, ilimwachia mhadhiri uhuru wa kusema hapana bila kuniangamiza. Ningekuwa naumwa kweli, au ingekuwa suala la kuahirisha mtihani wa mwisho, barua ya namna hii isingetosha. Hilo huenda ofisini na vyeti vya daktari, na mhadhiri peke yake hana mamlaka nalo. Lakini kazi aliyoitoa mwenyewe, siku mbili tatu ziko mikononi mwake, mradi aulizwe kabla ya siku yenyewe kupita.

Jumamosi nilimweleza bibi. Hakucheka. Alisema nimemchuria, na kwamba mtu mzima hatajwi ugonjwa kwa faida ya mwingine. Kisha akanyoosha mkono apewe simu. Tuliusikiliza wimbo wa tisa mara nyingi, na neno nililokuwa nimeliandika kuwa la majonzi likawa jina la kijiji. Tafsiri yangu ya ubeti mzima ikaanguka, tukaianza upya.

Mhadhiri alikuwa amekwisha kujibu: Jumatatu saa 4, na alama za kuchelewa zitakatwa kama mwongozo wa somo unavyosema. Zilikatwa. Kuhusu uongo aliandika mstari mmoja, kwamba karatasi ya maelezo ataisoma kwa makini kuliko za wengine. Kazi iliporudi, kila tarehe katika karatasi ile ilikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na kando ya jina la bibi aliuliza kama kuna nyimbo nyingine anazozijua.