"Kwa Sasa"

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilimwandikia kijana mmoja barua ya kuvunja uchumba. Mapenzi yalikuwa yamenitoka bila kosa lake. Nikaandika: "Kwa sasa sitaweza kuendelea." Nilidhani nampunguzia uchungu, yeye akayashika maneno mawili ya mwanzo, akaningoja miaka miwili. Nami nilikuwa najiandaa kufundisha sarufi!

Majuzi binti wa dada yangu alinionyesha ujumbe aliotaka kumpelekea mwenzake: "Ningekuwa na nafasi, tungeendelea."

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo -nge- inampa sharti la kutimiza. Atakutafutia nafasi. Ondoa pia 'labda' na 'tuone'. Usimwambie kuwa yeye ni mwema mno kwako, maana atauliza, basi kwa nini? Wala usimzulie kosa ili upate sababu."

Tukakubaliana aende kumwona, mahali ambapo kijana anaweza kuondoka akitaka, akamwambie: "Nilikupenda. Hisia zile zimekwisha, wala si kwa kosa lako. Nimeamua tuachane." Hapo -me- inatosha: tendo limetimia. Akilia, akae naye kidogo, lakini asimtulize kwa ahadi. Na kesho yake asimpigie simu kumjulia hali. Hilo la mwisho lilimshinda kulikubali kwa muda mrefu.

Alikwenda Jumamosi, akarudi macho mekundu.

"Mama mkubwa, ameniuliza mara tatu kama nimeamua kweli."

"Ukamjibuje?"

"Mara zote tatu, nimeamua."

Nikainuka kumtengenezea chai.