Kopa Moja, Turufu Nne

Kila Jumatano, duka likishafungwa na vitenge vikishakunjwa, napanda ngazi kwenda chumba cha juu hapa Mtaa wa Kongo tucheze briji. Karata nilizijulia kijiweni, kwenye wahedi wa sitini, kwa hiyo nilipokuja briji turufu haikunipa taabu. Kilichonitesa ni karata ya kwanza. Aliyeshinda mnada ndiye mwenye mkataba, na anayemfuata kushoto ndiye anayeanza, tena kabla mkono wa mwenzake haujalazwa mezani. Una karata zako 13 na yale uliyoyasikia kwenye mnada, basi.

Jioni moja mama aliyekaa kulia kwangu alifungua kwa shupaza moja. Mimi kimya. Mwenzake akaitikia shupaza mbili, mama akafunga kwa shupaza nne: ameahidi kula raundi kumi kati ya 13, shupaza ikiwa turufu. Mkononi nilikuwa na shupaza nne, ree, saba, nne na mbili. Kopa moja tu, sita. Uru tano, mfalme, ghulamu, nane, tano na tatu. Na pau tatu, ree, tisa na tatu.

Nikatupa ile kopa. Ndiyo tamaa ya kila mwanafunzi: kopa ikichezwa mara ya pili sina, nitakata kwa turufu, hata mbili inatosha. Mama alikula kwa malkia wa mezani, akacheza turufu. Nikala kwa ree, kisha nikacheza uru ndogo nikiomba Mungu mwenzangu ale anirudishie kopa. Mwenzangu alitoa malkia, mama akaifunika kwa ree. Akazimaliza turufu zangu, akatoa pau, nikala kwa ree, nikala mfalme wa uru, na safari yangu ikaishia hapo. Raundi tatu kwetu, kumi kwao.

Mwenzangu ni mzee mstaafu wa uhasibu, hapendi kelele. Alikusanya karata taratibu, akaniuliza, "Kijana, ulikuwa na pointi ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee wangu."

"Na wao, kufika shupaza nne, kwa kawaida wana ngapi?"

Kama 25. Karata zote zina pointi 40: kila ree nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja. Toa 25, toa 12 zangu, mzee anabaki na tatu. Kweli alikuwa na malkia wa uru peke yake. Nilikuwa namsubiri aingie anirudishie kopa, wakati angeingia kwa karata ipi? Jibu lilikuwa mkononi mwangu tangu mwanzo.

Akazipanga upya, akaweka uru yangu tano mezani. Malkia, ree ya mama. Mama anacheza turufu. "Usile," akasema. Mara ya pili, usile. Mara ya tatu ndipo nikala kwa ree, na hapo meza haina turufu tena. Ningekula raundi ya kwanza, meza ingebaki na turufu ya kukatia uru zangu. Sasa nikala mfalme wa uru, nikacheza ghulamu, mama akalazimika kukata mwenyewe. Alianza na turufu tano, amebakiwa na moja, mimi nina saba yangu. Akiitumia kuing'oa saba, hana turufu tena. Anakula kopa zake nne, kisha hana budi kutoa pau. Nakula kwa ree, nami nina uru nane ambayo hakuna wa kuizuia. Raundi nne kwetu, tisa kwao. Akianza na pau kabla ya turufu, tunafika palepale, ila raundi ya nne naila kwa ile saba.

Ukiwa na turufu nne, huna shida ya kukata. Mwenye shida ni mwenye mkataba, na dawa ni kumlazimisha akate yeye kwa mkono wake mrefu mpaka turufu zake zipungue kuliko zako. Kwa hiyo unaanza na aina yako ndefu, hata kama kuanza chini ya mfalme kunatia hofu. Chini ya ree sianzi kwenye mkataba wa turufu. Ree hiyo unaweza usiione tena.

Wiki chache baadaye niliipata tena kopa ya pekee, safari hii na turufu mbili ndogo na pointi nne tu. Kwa hesabu ileile mzee alikuwa na kama kumi na moja. Nikaianza kopa bila kusita. Mzee akala kwa ree, akanirudishia, nikakata.