Kisichoonekana Sikipiki

Leo nataka tuongee kuhusu zile picha za friji mnazonitumia, manake kuna maneno yanarudi kila wiki kwenye komenti: "Mbona unabana sana? Si useme tu hicho ni kitu fulani tujue tunapika nini?"

Kwa wageni, mchezo wenyewe ni huu. Unafungua friji, unapiga picha, unanitumia. Mimi naandika orodha ya vitu ninavyoviona waziwazi, halafu nakupa vyakula viwili vitatu unavyoweza kupika navyo bila kwenda dukani. Vitu viwili tu ambavyo havimo kwenye picha navihesabu, chumvi na mafuta ya kupikia, na hivyo huwa nasema mapema. Kitunguu sikihesabu. Najua nyumba nyingi hapa Majengo vitunguu na viazi vinakaa kwenye kikapu chini ya meza wala si frijini, lakini kama sijakiona, nitaandika "ukiwa nacho, tia" na chakula lazima kiwezekane hata usipokuwa nacho.

Sasa, kwa nini nabana? Anza na mkebe wa aiskrimu. Nani kati yenu amewahi kufungua mkebe wa aiskrimu kwenye friji ya mamake akakuta aiskrimu? Kwetu unaweza kuwa na nazi iliyokunwa, samaki aliyetiwa chumvi, mbaazi za jana, au kitunguu thomu kilichosagwa. Chupa ya soda ina maji. Chupa nyingine ya soda ina kitu cheupe, na kitu cheupe nyumba za pwani kinaweza kuwa tui, maziwa, au uji wa mtoto. Kwa hivyo nikiona mkebe wa aiskrimu naandika "mkebe wa aiskrimu, ndani sijui", basi. Picha imenionyesha chombo, haijanionyesha chakula.

Orodha yangu ina mafungu mawili. La kwanza ni vitu ninavyoviona kwa macho: nyanya, yai, kabichi, ndimu. La pili ni vyombo vilivyofungwa, mifuko iliyokunjwa, na pakiti zilizogeuza mgongo. Menyu inatoka fungu la kwanza peke yake. Fungu la pili kazi yake ni kunipa maswali ya kukuuliza.

Ngoja niwape mfano mmoja niliofanya juzi, nimeombwa ruhusa na nimeruhusiwa. Kijana mmoja anaishi chumba kimoja, akaniandikia: "Niko na mia moja mpaka Ijumaa. Nitoe kwa hii friji."

Kwenye picha, rafu ya juu kulikuwa na bakuli la wali mweupe lenye kifuniko cha kioo, na kando yake mkebe wa aiskrimu. Rafu ya kati nusu kabichi, upande uliokatwa umenielekea, na nyanya tatu kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha. Chini mfuko wa gunia, hii mifuko ya kitambaa tunayobebea vitu tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017, umekunjwa mdomo. Mlangoni naona vichwa vinne vya mayai, ndimu mbili zilizoanza kujikunja ngozi, chupa ya tomato sosi iliyofika nusu, na pakiti ya maziwa iliyokatwa ncha, maandishi yameelekea ukutani.

Fungu la kwanza likawa: wali, nusu kabichi, nyanya tatu, mayai manne, ndimu mbili, tomato sosi. Fungu la pili: mkebe, mfuko wa gunia, pakiti ya maziwa.

Kwenye komenti watu wakaanza. "Kwenye gunia ni sukuma, si unaona imefura!" Mwengine, "Maziwa yapo, apige chai." Sawa, lakini pakiti iliyokatwa ncha ikageuzwa mgongo inaweza kuwa maziwa freshi na inaweza kuwa mala. Nikimwambia apige chai na ni mala, chai inakatika na majani na sukari yameenda bure. Kwa mtu aliye na mia moja mpaka Ijumaa, hiyo si hasara ndogo. Na nikimwambia apike sukuma halafu ndani ya gunia kuna kitu chengine, nimempeleka dukani kwa mlango wa nyuma.

Vyakula nilivyompa ni hivi. Cha kwanza, mayai ya nyanya na kabichi. Katakata nyanya mbili, zikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta na chumvi mpaka zivunjike kabisa na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo tia konzi mbili za kabichi iliyokatwa nyembamba, geuza dakika tatu hivi, kabichi ibaki na ukakasi kidogo. Vunja mayai mawili juu, moto uwe mdogo, vuruga mpaka yashike. Usitie mayai kabla nyanya hazijakauka maji, utapata supu ya mayai.

Cha pili, cha siku inayofuata: kabichi iliyobaki uikaange na nyanya ya mwisho, umalizie na kijiko cha tomato sosi, na mayai mawili ya kuchemsha yaliyokatwa pande pande juu yake. Kando, kachumbari ya kabichi: konzi moja mbichi iliyooshwa, chumvi, kamulia nusu ndimu, fikicha kwa mkono na uiache dakika kumi ilainike. Ndimu iliyojikunja ngozi bado ina maji, iviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kuikata.

Mnaona sijataja wali. Wali nauona, uko fungu la kwanza, mweupe na unapendeza. Na kila mtu kwenye komenti alikuwa anasema "wali wa mayai, kwisha!" Hapa ndipo nataka mkae kidogo, kwa sababu kuona kitu waziwazi hakutoshi. Picha haina saa wala harufu.

Nilimuuliza swali moja: huo wali ulipikwa lini, na ulikaa nje muda gani kabla ya kuingia frijini? Akajibu aliupika jana usiku, ukalala kwenye sufuria jikoni, akautia frijini asubuhi. Nikamwambia autupe.

Sababu yenyewe ni hii. Kwenye mchele kuna bakteria ambaye ana mbegu ngumu, na mbegu hizo hazifi wali unapochemka. Wali ukiachwa ukae na joto la chumba, zinaamka, bakteria wanazaana, na wanaacha sumu ndani ya wali. Sumu hiyo haiondoki ukiupasha moto tena, hata ukiukaanga mpaka ushike rangi. Friji nayo haifuti kilichotokea usiku, inapunguza tu mwendo wa kinachofuata. Na wali wa hivyo mara nyingi haunuki, haujabadilika rangi, kwa picha ni mzuri kabisa. Unachosikia ni kutapika saa chache baadaye.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Saa 2, jamani. Nyumba zetu hapa usiku ni joto, feni inazungusha joto lile lile. Wali uliolala kwenye sufuria umepita saa 2 zamani. Mbaazi za nazi na mchuzi wa tui vikichacha mara nyingi vinakwambia vyenyewe, unafungua kifuniko na harufu inakuita jina. Wali hauna adabu hiyo.

Na stima ikipotea, mambo yanabadilika tena. Friji iliyofungwa inashika baridi kama saa 4, bora usiifungue fungue. Kwa hivyo ukinitumia picha baada ya stima kulala nje usiku mzima, niambie. Picha itaonyesha friji ile ile, taa inawaka, kila kitu kimepangika, na mimi nitapendekeza nyama ambayo haifai kuguswa.

Kuna jambo lengine hapa mtaani. Mtu ananitumia picha ya sahani yenye soseji, hakuna pakiti. Naandika "soseji", sisemi ni za ng'ombe wala za kuku. Majengo hiyo si habari ndogo. Wengi mnaonisoma hamli nguruwe, na wengine mnakula na wageni. Sitabuni nyama ya mtu kwa sababu rangi inafanana. Na rangi yenyewe haiaminiki: taa ya friji ikiwa ya manjano, nyama iliyochoka inaonekana nzuri na mchicha mzuri unaonekana umenyauka.

Sasa ukitaka nikupe menyu ndefu, nisaidie macho. Geuza maandishi ya pakiti yaelekee nje. Fungua vifuniko, au uandike kwenye ujumbe kilichomo. Toa kilicho ndani ya gunia ukiweke juu yake. Zima flashi, inapiga kwenye vioo na nailoni inabaki duara nyeupe tu. Na piga haraka: hewa yetu ina unyevu, ukiacha mlango wazi dakika moja vifuniko vya kioo vinatoa jasho na ndani hakuonekani tena. Picha tatu zinatosha, moja ya friji nzima, moja ya rafu kwa karibu, moja ya mlango. Mlango ndio watu wengi husahau, na mayai yanakaa huko.

Yule kijana aligeuza pakiti, ilikuwa mala. Gunia lilikuwa na karoti mbili na dania, nikamwongezea karoti kwenye kabichi na dania kwenye kachumbari. Mkebe wa aiskrimu aliufungua akacheka, mchuzi wa kunde wa wiki iliyopita, ukaenda na wali. Mia yake alinunulia mkate wa kulia yale mayai, na akarudishiwa chenji.

Kwa hivyo mkiniona nimeandika "ndani sijui", msiniambie nabana. Fungueni kifuniko, nitawapikia.